Ini likichoka, figo huzima: Usiiache karatasi ya vipimo ng'ambo ya mpaka

Wanaovuka daraja la Rusumo kila wiki wanajua kuwa mzigo usio na karatasi haupiti. Hakuna mfanyabiashara anayesahau stakabadhi ya mchele wake wala hati ya forodha. Lakini karatasi ndogo ya maabara, yenye tarakimu tatu nne, huachwa upande wa pili ndani ya droo ya nyumba ya kupanga, au hutupwa pamoja na bahasha ya vidonge vilivyokwisha. Makala haya yanahusu ugonjwa ambao karatasi hiyo ndiyo inaweza kumwokoa mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hauna maumivu, hauonyeshi damu kwenye mkojo, na mara nyingi hata maabara haiuwekei alama nyekundu.

Madaktari wanauita sindromu ya hepatorenali. Kwa lugha yetu ya kila siku tuseme ni kuzima kwa figo kunakosababishwa na ini lililochakaa. Huwapata watu ambao ini lao limejaa makovu na kusinyaa, hali inayoitwa sirosisi, na ambao tayari tumbo limeanza kujaa maji. Katika ukanda wetu wengi hufika hapo kwa njia mbili: virusi vya homa ya ini aina ya B walivyoambukizwa tangu utotoni bila kujua, au pombe ya miaka mingi. Wengine wanavyo vyote viwili.

Figo ni nzima, ila hazipati damu

Ndugu msomaji, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba figo za mgonjwa huyu, zenyewe kama zenyewe, si mbovu. Mwaka 1863 daktari mmoja wa Marekani, Austin Flint, aliandika kuwa wagonjwa wa ini waliokufa wakiwa wamekauka mkojo walipopasuliwa, figo zao zilionekana hazina kasoro ya kueleza kifo hicho. Uthibitisho mkubwa ulikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa za figo zilizotolewa kwa watu waliofariki kwa ugonjwa huu na kupandikizwa kwa watu wengine wenye ini zima. Figo hizo zilianza kufanya kazi. Mwili mmoja ulikuwa umezizima, mwili mwingine ukaziamsha.

Sasa kwa nini figo nzima izime? Fikiria kijiji chenye bomba moja la maji. Bondeni kuna mashamba, mlimani kuna nyumba moja inayotegemea bomba hilo hilo. Siku wenye mashamba wakifungua mifereji yote kwa pamoja, maji bado yamo kwenye bomba, lakini hayapandi mlimani. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mwili. Ini lililojaa makovu huzuia damu itokayo kwenye utumbo isipite vizuri. Damu hiyo husongamana nyuma ya ini, na mishipa ya utumbo hupanuka kama mifereji iliyofunguliwa yote. Damu nyingi hubaki huko chini, na shinikizo katika mishipa mikubwa hushuka.

Mwili husoma hali hiyo kana kwamba mtu ameishiwa damu au maji. Hutoa homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Homoni hizo hubana sana mishipa inayokwenda kwenye figo. Figo nazo, zikidhani kuna ukame, hushikilia kila tone la maji na kila chembe ya chumvi. Ndiyo maana tumbo na miguu hujaa maji huku mkojo ukipungua. Mtu amejaa maji, lakini figo zake zina kiu. Mwisho mishipa hubanwa kiasi kwamba damu ya kuchujwa haifiki tena, na takataka huanza kurundikana mwilini.

Mfano wa mfanyabiashara wa mchele

Ili tuone ugonjwa unavyojificha, tuchukue mfano. Huyu si mtu mmoja halisi, bali ni picha iliyokusanywa kutokana na mwendo wa kawaida wa ugonjwa wenyewe.

Ni mwanamume wa miaka 54, ananunua mchele Kahama na kuuza Kigali. Alirudi nyumbani Rwanda baada ya miaka mingi Tanzania, na bado ana nyumba pande zote mbili. Miaka miwili nyuma tumbo lilianza kuvimba, akapimwa upande wa Tanzania, akaambiwa ana homa ya ini B na ini limesinyaa. Akapewa vidonge vya kufubaza virusi, pamoja na vidonge viwili vya kupunguza maji: spironolaktoni na furosemaidi. Miezi miwili kabla ya siku tunayoizungumzia alirudi kliniki huko huko, akapimwa damu. Kreatinini yake ilikuwa 53, kwa kipimo kinachoandikwa µmol/L. Karatasi akaiacha Kahama.

Akiwa Kigali mgongo ukamuuma baada ya kupakua magunia. Akanunua diklofenaki dukani, akazimeza siku nne. Tumbo likaonekana kubwa zaidi, jirani akamshauri aongeze vidonge vya maji, naye akavimeza mara mbili ya alivyoandikiwa. Siku ya tano akawa na homa ndogo ya jioni, hamu ya kula ikapotea, akaanza kusinzia mchana. Mkojo ukawa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Hakusikia maumivu ya kiuno wala hakukojoa damu.

Alipopelekwa kwenye kituo cha afya, karatasi ya maabara ilionyesha kreatinini 1.2, safari hii kwa kipimo cha mg/dL. Pembeni maabara ilichapa kiwango cha kawaida: 0.7 hadi 1.3. Namba yake ilikuwa ndani ya mstari. Akaambiwa figo ziko salama, arudi nyumbani, apumzike.

Hapo ndipo kosa lilipo, na linafanyika kwa nia njema kabisa.

Kwa nini 1.2 si salama kwa mtu huyu

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Figo zikilegea, hupanda kwenye damu. Lakini mtu mwenye sirosisi ya muda mrefu huwa amekonda mabega, mikono na mapaja, hata kama tumbo ni kubwa. Misuli imeliwa. Anatengeneza kreatinini kidogo sana, kwa hiyo figo zake zikiwa nzima namba yake huwa ya chini, kama 0.5 au 0.6. Namba ambayo kwa kuli mwenye misuli ni ya kawaida, kwake yeye inaweza kumaanisha kuwa nusu ya kazi ya figo imekwisha potea.

Ndiyo maana madaktari wa ini waliacha kungoja namba ifike kiwango fulani. Zamani ilibidi kreatinini ipite 1.5 ndipo waanze kuutaja ugonjwa huu, na kwa ile aina ya haraka ilibidi ipite 2.5. Tangu mwaka 2015 makubaliano ya wataalamu wa kimataifa yanatazama mabadiliko: kreatinini ikipanda kwa 0.3 mg/dL au zaidi ndani ya saa 48, au ikipanda kwa nusu ya ilivyokuwa au zaidi ndani ya siku saba, figo zimejeruhiwa, hata kama namba bado iko ndani ya mstari wa maabara. Pale ambapo hakuna kipimo cha wiki hiyo, hutumika kile cha karibuni zaidi ndani ya miezi mitatu iliyopita.

Lakini huwezi kujua kitu kimepanda kama hujui kilikuwa wapi. Siku ya saba kijana wa mgonjwa huyu alimpigia mama yake aliyebaki Kahama. Mama akafungua droo, akasoma namba kwa simu: 53. Kijana akashtuka, akadhani ilikuwa mbaya kuliko hiyo 1.2. Daktari wa hospitali kubwa, ambako walikuwa wamemhamishia mzee, akamwelewesha.

"Hizi ni vipimo viwili tofauti, kama faranga na shilingi," alimwambia. "Ukitaka kugeuza hiyo ya Tanzania kuwa hii ya kwetu, gawanya kwa 88.4. Hamsini na tatu inakuwa sifuri nukta sita. Kwa hiyo mzee wako alikuwa 0.6, akawa 1.2. Imejikunja mara mbili."

Hiyo hesabu ya 88.4 inafaa kukumbukwa na kila mwenye mgonjwa anayetibiwa pande mbili za mpaka. Maabara zetu hazitumii zote kipimo kimoja, na wakati mwingine hata hospitali mbili za mji mmoja hutofautiana. Kabla ya kulinganisha namba, tazama herufi zilizoandikwa mbele yake.

Jinsi madaktari wanavyoutambua

Hakuna kipimo kimoja cha kusema "huu ndio ugonjwa wenyewe." Hutambuliwa kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na hatua zenyewe hufuatana kwa haraka.

Kwanza, daktari alisimamisha vidonge vya maji na diklofenaki. Vidonge vya maji vikizidi humkausha mtu mishipani, hata kama tumbo limejaa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia kemikali ambayo figo hutumia kuilegeza mishipa yake. Kwa mtu mzima wa ini figo hustahimili. Kwa mtu mwenye sirosisi, ambaye mishipa ya figo imekwisha banwa, kemikali hiyo ndiyo kizuizi cha mwisho, na vidonge vya siku chache vinaweza kukiondoa.

Pili, alichomwa sindano tumboni siku hiyo hiyo ili maji yapimwe. Hatua hii haipaswi kungoja kesho. Maji ya tumbo ya mgonjwa wa sirosisi hushambuliwa na bakteria kutoka kwenye utumbo wake mwenyewe, na hilo ndilo mojawapo ya mambo yanayoongoza kuzima figo. Homa yaweza kuwa ndogo au isiwepo, na tumbo laweza lisiume. Kinachosema ukweli ni idadi ya chembe nyeupe aina ya nyutrofili: zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, ni maambukizi. Za mzee zilikuwa 600. Akaanzishiwa seftriaksoni kwa mshipa.

Tatu, alipewa albumini, ile protini ya damu inayosaidia kuyashika maji ndani ya mishipa. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa wagonjwa wa maambukizi haya waliopewa antibayotiki peke yake, figo ziliharibika kwa watu 33 kati ya 100, lakini waliopewa antibayotiki pamoja na albumini, ziliharibika kwa 10 tu. Kiasi kilichotumika ni gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa mzee wa kilo 60 ni gramu 90, kisha gramu 60. Chupa ya mililita 100 ya albumini ya asilimia 20 ina gramu 20, kwa hiyo familia ilihitaji chupa nne na nusu siku ya kwanza na tatu siku ya tatu. Ni dawa ghali, na si kila hospitali inayo stoo. Ni vyema familia iulize mapema ili isianze kuitafuta usiku.

Nne, mkojo ulipimwa na figo zikatazamwa kwa altrasaundi. Kama mkojo ungekuwa na protini nyingi au damu, au kama figo zingekuwa ndogo au zimevimba kwa kuziba njia ya mkojo, ungekuwa ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine. Za mzee zilikuwa za ukubwa wa kawaida, na mkojo ulikuwa safi. Chumvi kwenye mkojo ilikuwa kidogo sana, dalili kuwa figo bado zina akili ya kushikilia chumvi ila hazina damu ya kuchuja.

Baada ya hapo ni kungoja, lakini si kwa muda mrefu. Kama tatizo lingekuwa ukavu tu, kwa mfano wa kuharisha au wa vidonge vya maji, kreatinini ingeanza kushuka baada ya kujazwa albumini. Ya mzee siku ya pili ilikuwa 2.6. Shinikizo la damu halikuwa limeporomoka, mkojo ulikuwa safi, dawa zenye sumu kwa figo zilikuwa zimesimamishwa, na bado figo zilikuwa zikizama. Hapo ndipo jina la sindromu ya hepatorenali liliandikwa kwenye faili.

Uzito wa ugonjwa huu

Wagonjwa wa aina hii ya haraka wasiotibiwa, nusu yao hufariki ndani ya muda wa kama wiki mbili. Kuna aina nyingine ya polepole, ambayo kreatinini hupanda taratibu na maji ya tumbo hayasikii tena dawa. Huyo huenda kwa miezi, lakini maambukizi moja au kutapika damu mara moja kunaweza kumsukuma kwenye ile ya haraka.

Tiba iliyopo inafuata mantiki ya kile kijiji cha bomba moja: funga mifereji ya bondeni ili maji yapande mlimani. Dawa inayotumika zaidi ni terlipresini, ambayo hubana mishipa ya utumbo iliyopanuka. Hutolewa kwa mshipa pamoja na albumini ya gramu 20 hadi 40 kwa siku. Pale ambapo haipatikani, chumba cha wagonjwa mahututi kinaweza kutumia noradrenalini kwa mashine ya matone.

Terlipresini si dawa ya mchezo. Inaweza kukata damu kwenye vidole, utumbo au moyo, na maji yakijaa mapafuni inaweza kumfanya mgonjwa ashindwe kupumua. Hivyo hewa ya oksijeni hupimwa kabla ya kuanza na kila siku baadaye. Katika utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2021, figo zilirudi kwa wagonjwa 32 kati ya 100 waliopewa dawa hiyo, dhidi ya 17 waliopewa dawa tupu, lakini walioishi hadi siku ya 90 hawakuwa wengi zaidi. Jambo moja limejitokeza tena na tena: kreatinini ikiwa ya chini wakati wa kuanza, nafasi ya kupona huwa kubwa. Ikipita 5, faida huwa ndogo sana. Siku tatu za kulala nyumbani na karatasi iliyosema "kawaida" si siku ndogo.

Wengi huuliza kuhusu mashine ya kuchuja damu. Inaweza kusafisha takataka kwa muda, lakini hailegezi mishipa iliyobanwa wala haiponyi ini. Ina maana zaidi kwa mgonjwa anayesubiri kitu kingine mbele yake, na kitu hicho ni ini jipya. Upandikizaji wa ini ndio unaoondoa chanzo, na mara nyingi figo za mgonjwa huamka zenyewe baada ya hapo. Kwa familia nyingi za ukanda huu hiyo inamaanisha safari ya India, ndugu wa kutoa kipande cha ini, na fedha ambazo wengi hawana.

Mzee wa mfano wetu aliitikia dawa. Baada ya siku tisa kreatinini ilikuwa 1.0, mkojo ukarudi, akaanza kutambua watu. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwita kijana pembeni.

"Figo zimerudi, lakini ini ni lile lile," alimwambia. "Likipata mshtuko mwingine, zitazima tena. Nisikufiche, tumepata muda, hatujapata kupona. Kama kuna mpango wa ini jipya, familia ianze kuuzungumza sasa, si siku akirudi hapa."

Kisha akaandika masharti manne kwa mkono wake. Diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku. Akiumwa atumie parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Vidonge vya maji asiviongeze wala kuvirudisha mwenyewe mpaka kliniki iseme. Maji ya tumbo yakitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja, apewe albumini, gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka. Na kwa kuwa alishapata maambukizi ya tumbo, atameza antibayotiki ya kinga kila siku.

Chini yake aliongeza dalili za kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo: mkojo kupungua, kusinzia mchana au kuchanganya maneno, homa hata ndogo, kutapika damu au choo cheusi kama lami, na tumbo kukua ghafla.

Mwisho akachukua daftari dogo la mistari, akaandika ukurasa wa kwanza: tarehe, kreatinini, kipimo chake, uzito, na majina ya dawa zote kwa jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, kwa kuwa furosemaidi ile ile huuzwa kwa jina moja Ngara na jingine Kirehe. Mzee akaliweka kwenye mfuko wa shati, pale anapoweka hati za forodha. Wiki tatu baadaye alipimwa Kahama: 97 µmol/L. Muuguzi akataka kuandika kuwa ni kawaida. Mzee akatoa daftari, wakagawanya pamoja kwa 88.4. Ikaja 1.1. Ilikuwa imepanda kidogo kutoka siku ya kutoka hospitali, si kiasi cha kuhesabiwa jeraha jipya, lakini ilitosha kumfanya daktari wa zamu ampime tena baada ya siku mbili badala ya mwezi mmoja.